Mbweu zisizokwisha baada ya kula: ifuatilie hewa ilikoingilia

Kijana mmoja wa bodaboda aliingia zahanati na bahasha ya kaki imejaa pakiti za vidonge zilizoliwa nusunusu. "Shikamoo dokta," akasema, na kabla sijaitikia akabeua, akaomba radhi, akabeua tena. Ilikuwa mwezi wa nne akihangaika na hali hiyo. Kila mchana, kuanzia saa saba hadi magharibi, mbweu juu ya mbweu, na abiria nyuma yake wakiguna. Muuza duka la dawa alikuwa amemwambia ni vidonda vya tumbo. Akanywa omeprazoli mwezi mzima, akaongeza dawa nyeupe ya maji, halafu jirani akampa magadi. Hakuna kilichobadilika.

Sikumgusa tumbo kwanza. Nilimuuliza jana mchana alikula nini, kwa dakika ngapi, na akashushia na nini. Chipsi mayai, akasema, amesimama palepale kijiweni, jicho moja kwenye sahani na jingine kwa abiria. Dakika nne, tano zikizidi. Soda baridi kwa mrija. Baada ya hapo chingamu ya mnanaa mdomoni mpaka jioni, kwa sababu kachumbari ina kitunguu na abiria anakaa karibu.

Tatizo lake lote lilikuwa kwenye jibu hilo. Kilichobaki kilikuwa kujua kila kimoja kinachangia kiasi gani.

Kwanza, tuelewane kuhusu hiyo hewa

Watu wengi huamini kwamba mbweu ni gesi iliyochachukia tumboni. Kwa mtu wa kawaida si hivyo. Mfuko wa chakula una asidi kali, na chakula hakikai humo muda wa kutosha kuchacha. Gesi ya kuchachuka hutengenezwa mbali huko chini, kwenye utumbo mpana, na njia yake ya kutokea unaijua. Gesi inayopanda mdomoni, karibu yote, iliingia kwa mdomo: ama uliimeza kama hewa, ama uliinywa ikiwa imeyeyuka ndani ya soda.

(Natumia neno kubeua. Najua wengine husema kucheua, lakini kwa wengi wetu kucheua ni kule kwa ng'ombe, au kwa mtoto mchanga anaporudisha maziwa. Tofauti hiyo ina maana kitabibu: ukibeua hutoka hewa tupu, ukicheua hurudi na kitu. Mwambie daktari kile hasa kinachotokea.)

Kila ukimeza, hata mate matupu, hewa kidogo hushuka pamoja na ulichomeza. Hakuna anayeweza kumeza bila hewa kabisa. Kiasi chake hutegemea unavyomeza, toka mililita chache hadi zaidi ya kumi kwa funda moja. Hewa hiyo hushuka kwenye umio, yaani bomba la chakula kifuani, inapita kilango kilicho juu ya mfuko wa chakula, na ukiwa umekaa au umesimama huelea juu ya chakula kama hewa inavyoelea juu ya maji kwenye dumu.

Ikizidi, ukuta wa juu wa mfuko hutanuka. Mishipa ya fahamu ya hapo hutuma taarifa, na kile kilango hulegea chenyewe kwa sekunde kumi hivi au zaidi bila wewe kumeza chochote. Hewa hupanda kwenye umio. Hapo kilango cha pili, kilicho kooni, hufunguka, na mtikisiko wake ndio sauti unayoisikia. Kwa hiyo mbweu ni valvu inayofanya kazi yake. Mtu mzima mwenye afya anaweza kubeua hata mara 25 au 30 kwa siku, nyingi kimyakimya, bila kuhesabu wala kujali.

Ndiyo maana omeprazoli haikumsaidia kijana wangu. Dawa ile hupunguza asidi. Hewa haiijui omeprazoli.

Unabeua ukiwa bado unakula, au mara tu unaponawa mikono

Hapa mshukiwa wa kwanza ni mwendo wa kula. Anayefakamia chakula hatafuni vya kutosha, kwa hiyo humeza matonge makubwa yenye nafasi za hewa katikati, na mara nyingi humeza mara mbili au tatu kulisukuma tonge moja. Chipsi kavu ndizo mbaya zaidi kwa hili, maana hazina mchuzi wa kuziba nafasi hizo. Juu ya hapo kuna kuongea na chakula mdomoni: unavuta pumzi ya kuzungumza, koo halijaamua kama sasa ni zamu ya pumzi au ya chakula, na sehemu ya hewa hupotea njia.

Kuna chanzo kingine ambacho wagonjwa hawakitaji kwa sababu hawakihesabu kuwa ni kula haraka. Ni kufyonza vitu vya moto. Tazama mtu anayewahi kazini akinywa chai ya rangi inayotoa mvuke, au uji wa asubuhi. Anaweka midomo ukingoni mwa kikombe na kuvuta kwa sauti. Ile sauti ni hewa. Anaivuta makusudi ili ipoze chai kabla haijafika kwenye ulimi, na sehemu yake huimeza pamoja na chai. Mtu anaweza kuniambia anakula polepole kabisa, na ni kweli, lakini kikombe kimoja cha chai amekifyonza mara thelathini.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme kila funda linashuka na mililita 10 za hewa. Mlo wa haraka na kinywaji chake ukichukua mafunda 40, umeingiza mililita 400, zaidi ya ujazo wa chupa moja ya soda ya kioo. Mfuko wa chakula ukiwa mtupu haujai hata nusu kikombe cha maji. Unatanuka vizuri tu hadi lita moja na zaidi, ila lazima chakula nacho kipate mahali. Anayekula kwa dakika 20 naye humeza hewa, lakini huiingiza kidogokidogo na kuitoa kidogokidogo, wala hajioni anabeua. Anayekula kwa dakika nne huiweka yote kwa mkupuo, na valvu haina budi kufunguka mara kwa mara.

Jinsi ya kuthibitisha ni rahisi. Chukua mlo uleule, sahani ileile, ukae chini, na upitishe dakika 15 kwa saa ya simu. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, maana mkono ukishika kijiko huwa hausubiri mdomo. Maji unywe kwa bilauri. Usinywe kwa chupa ya plastiki ukiwa umeinua kichwa, kwa sababu pale kila funda la maji huingia na hewa yake. Mbweu zikipungua kwa zaidi ya nusu siku hiyohiyo, umempata mhusika mkuu. Zisipopungua, endelea.

Unabeua kwa nguvu, gesi ikipanda mpaka puani, ndani ya nusu saa baada ya soda

Gesi ya soda si hewa ya kawaida. Ni kaboni dayoksaidi iliyosukumwa ndani ya maji kwa mgandamizo, na kizibo ndicho kinachoizuia isitoke. Chupa ya mililita 350 imeyeyusha gesi ambayo ukiitoa yote nje inazidi kidogo lita moja. Nikiwaambia watu hivyo hawaniamini, kwa hiyo huwa nawaambia wajaribu na puto: fungua soda, valisha mdomo wa puto haraka juu ya shingo ya chupa, tikisa taratibu. Puto litasimama wima na kuvimba mbele ya macho yako. Hicho kilichomo ndani ya puto ndicho ulichokuwa unakwenda kukimeza.

Si yote inayofika tumboni. Nyingine hutoka ukifungua, nyingine ukimimina, nyingine mdomoni. Swali ni kiasi gani kinatoka kabla ya kumeza na kiasi gani baada. Na hapa ndipo soda ya baridi sana inapotudanganya. Kimiminika cha baridi hushikilia gesi vizuri zaidi kuliko cha moto. Soda iliyotoka kwenye barafu haitoi povu sana mdomoni, inateleza, unaishusha kwa mafunda makubwa bila kusikia mwasho. Ikifika tumboni inakuta joto la nyuzi 37, inapashwa, na gesi iliyokuwa imelala inaamka yote mle ndani. Soda ya vuguvugu haina raha, lakini nusu ya fujo yake huifanya kwenye chupa na mdomoni.

Mrija nao una mchango. Kila unapoanza kuvuta, hewa iliyo ndani ya mrija ndiyo inayotangulia kufika mdomoni, na ukifika mwisho wa chupa na kuanza kukoroma na barafu, unavuta hewa zaidi ya soda. Sisemi mrija peke yake ungemfanya mtu abeue miezi minne. Ubaya wake mkubwa ni kwamba unapeleka kinywaji moja kwa moja nyuma ya ulimi, kikiwa bado na gesi yake.

Mbweu ya soda ina alama zake. Huja mapema, ni kubwa, na huwasha pua, kwa sababu kaboni dayoksaidi ikikutana na unyevu wa puani huwa asidi hafifu. Halafu huisha. Saa moja au mbili baada ya chupa moja, hesabu ya soda imefungwa. Kwa hiyo anayebeua saa kumi jioni hawezi kuisingizia soda ya saa saba mchana. Kijana wangu alikuwa akibeua hadi magharibi, na hilo ndilo lililonifanya nimuulize kuhusu mdomo wake, ambao wakati wote tunaongea ulikuwa unatafuna.

Asiyetaka kuacha soda anaweza kuimimina kwenye bilauri pana, aikoroge kwa kijiko mara kadhaa, aache dakika kumi. Wapenzi wa soda huniangalia vibaya nikisema hivyo.

Mbweu ndogondogo zinazosambaa mchana kutwa

Hizi ndizo za chingamu, na ndizo ambazo watu hawazihusishi na chanzo chake, kwa kuwa chingamu si chakula na hakuna anayeona kuwa amemeza kitu.

Ukitafuna, mdomo hudhani chakula kimekuja. Mate huongezeka mara kadhaa kuliko mtu aliyekaa kimya. Mate hayo lazima yaende mahali, na wewe huyatemi, unayameza. Zaidi ya hayo, si mate laini. Kutafuna kumeyapiga kama anayepiga mayai ya chapati za maji, yamejaa mapovu madogo. Kila mmezo hushuka na povu lake. Hakuna mmezo mmoja unaoonekana kuwa mkubwa, lakini saa nne za kutafuna ni mimezo mingi kuliko milo yote mitatu.

Ladha ya mnanaa huongeza kitu kingine. Mafuta ya mnanaa hulegeza kile kilango cha juu ya mfuko wa chakula. Hewa inapata njia rahisi ya kurudi, na kwa mwenye kiungulia asidi nayo inapata njia. Kwa hiyo mtu anatafuna chingamu ya mnanaa kuondoa harufu ya mdomo, na papo hapo anaifungulia mlango harufu ya chakula alichokula.

Chingamu zisizo na sukari huleta tatizo tofauti, na ni vizuri kulitenganisha. Zimetiwa utamu kama sobitoli, ambao utumbo mwembamba haufyonzi wote. Unaobaki hufika utumbo mpana, bakteria wanaula, wanatoa gesi. Gesi hiyo haibeuliwi. Ukiona tumbo linanguruma chini ya kitovu na unajamba kuliko kawaida baada ya kutafuna vipande vingi, soma nyuma ya pakiti.

Peremende za kumung'unya zina mchezo uleule wa mate, ingawa mdogo. Sigara pia: kila mvuto ni hewa, na wavutaji wengi humeza sehemu yake.

Hauwezi kubeua, tumbo limekaza: hewa ile imekwenda wapi?

Hewa isiyopanda hushuka, na mkao wako ndio unaoamua. Ukiwa wima, hewa iko juu, karibu na kilango, tayari kutoka. Ukilala chali baada ya kula, sehemu ya juu ya mfuko, ambayo imeinamia mgongoni, hujaa chakula na maji, na hewa husogea mbele kuelekea mlango wa kutokea wa mfuko. Kilango cha juu sasa kimezibwa na kimiminika. Hata kikilegea, kinachopanda ni maji yenye asidi. Kwa hiyo anayekula haraka na kujitupa kitandani habeui sana, ila anaamka na tumbo kama ngoma, au kiungulia, au vyote. Mama anayembeba mtoto begani baada ya kunyonya na kumpigapiga mgongoni anatumia kanuni hii hii: anamsimamisha wima ili hewa ipate juu.

Hewa iliyoingia utumboni hugawanyika kwa hatima. Kaboni dayoksaidi ya soda hufyonzwa haraka kwenye damu, inapelekwa mapafuni, nawe unaipumua nje bila kujua. Oksijeni nayo hufyonzwa sehemu. Lakini hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, na naitrojeni haina pa kwenda. Damu tayari imebeba naitrojeni yake kutoka mapafuni, haina haja na nyingine. Kwa hiyo husafiri utumbo wote, ikienda mbio kuliko chakula chenyewe, mpaka chini. Ushuzi usio na harufu, unaokuja kwa sauti, mara nyingi huwa na sehemu ya hewa ya sahani uliyoifakamia. Ule wenye harufu umeongezewa gesi za salfa kutoka kwa bakteria, ingawa gesi hizo ni kidogo mno kwa ujazo.

Wapo watu wachache ambao tangu utotoni hawajawahi kubeua hata mara moja. Kilango chao cha kooni hakilegei kuruhusu hewa ipande. Husikia koo likikoroma kama chura, tumbo linavimba jioni, na hewa yote hutoka kwa chini. Hali hii ilielezwa vizuri na madaktari wa koo mwaka 2019, na hutibiwa kwa sindano ya kulegeza msuli huo. Ukikutana na mtu wa namna hiyo usimwambie ajilazimishe.

Unabeua mfululizo, hata kumi kwa dakika, bila kula chochote

Hapa ramani hubadilika, na hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure. Mtu wa namna hii hatoi hewa iliyo tumboni. Anavuta hewa kutoka nje, inaingia kwenye umio tu, na kabla haijafika mfuko wa chakula anaisukuma nje. Yote huchukua chini ya sekunde moja. Kifua kinatanuka, koo linafunguka, hewa inazama, tumbo linakaza, hewa inatoka. Mara nyingi ilianza kwa sababu halisi. Alijisikia kujaa, akabeua akapata nafuu, akajaribu tena, na mwili ukajifunza. Sasa anafanya bila kujua kwamba anafanya. Wasiwasi huongeza.

Jinsi ya kutambua: mulize anayelala naye chumba kimoja. Usingizini mbweu hizi hukoma kabisa. Mwangalie pia akiwa anasimulia jambo linalomvutia, akiwa amesahau tumbo lake, dakika tano nzima zinaweza kupita kimya. Mwambie afungue kinywa wazi, ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, aanze kupumua kwa pua polepole. Akiwa katika hali hiyo, mchezo ule wa kuvuta hewa huwa mgumu sana kuufanya.

Jaribio hilo ndilo mwanzo wa tiba pia. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya nne, mkono wa chini uinuke, wa juu utulie. Toa kwa hesabu ya sita. Dakika tano baada ya kila mlo, na kila unapohisi mbweu inakuja. Wengine huwekewa penseli kati ya meno, kwa sababu ile ile: mdomo usiofungika humeza hewa kwa shida. Usitegemee wiki moja. Tabia iliyojengwa mwaka mzima haibomoki kwa siku saba. Na usimkemee mtu, hafanyi makusudi.

Magadi na chumvi za kuchemka kwenye glasi

Nazitaja kwa sababu karibu kila anayebeua ameshazijaribu na kuapa kwamba zinasaidia. "Nikinywa tu, gesi yote inatoka." Ni kweli inatoka, lakini ni nani aliyeiingiza? Baikaboneti iliyomo ndani yake ikikutana na asidi ya tumbo hutoa kaboni dayoksaidi. Robo kijiko cha chai, ambayo ni gramu moja hivi, ikipata asidi ya kutosha inaweza kutoa zaidi ya robo lita ya gesi, ingawa tumboni hutoka polepole. Mbweu ile ya ushindi sehemu kubwa imetoka kwenye glasi. Asidi inapungua kidogo, na kama shida yako ni kiungulia utapata nafuu ya muda. Kama shida ni hewa, umeongeza hewa. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aachane nazo, zina chumvi nyingi.

Vidonge vya simethikoni huvunja mapovu madogo yawe makubwa ili yatoke kirahisi. Haviondoi hewa, na havizuii nyingine kuingia.

Dalili zinazotaka kupimwa, si kubadili mlo tu

Mbweu zenye harufu ya yai viza, pamoja na kuharisha, huweza kuwa giardia, kijidudu cha maji machafu. Kipimo cha choo kinatosha kuanzia. Ukibeua ladha ya chakula ulichokula asubuhi ilhali sasa ni usiku, chakula kinachelewa kutoka, na mwenye kisukari asilipuuze hilo. Chakula kukwama kikishuka, kukonda bila sababu, kutapika mara kwa mara, damu kwenye matapishi, choo cheusi kama lami: hizo nenda hospitali wiki hii, na za damu, pamoja na choo cheusi, nenda leo.

Maumivu ya chembe ya moyo au kifua yenye jasho jingi, yakisambaa mkononi au kwenye taya, huku unabeua na kudhani ni gesi, huweza kuwa moyo. Usisubiri mbweu ikupe nafuu.

Kwa wengine wenye kiungulia au maumivu ya njaa yanayorudi, kipimo cha bakteria wa tumbo kwa choo kipo na ni bora kuliko kukisia. Kijana wa bodaboda hakuwa na lolote kati ya haya, na nilimpima hata hivyo kwa sababu alikuwa ameambiwa ana vidonda. Kikarudi safi, ingawa ilibidi aache omeprazoli wiki mbili kwanza ili jibu liaminike.

Tulivyomfuatilia

Nilimwambia asibadili chochote siku tatu, achore tu kijiti kimoja nyuma ya daftari la hesabu zake kila anapobeua, kuanzia mlo wa mchana hadi adhana ya magharibi. Alirudi na 34, 38 na 31. Kisha aliondoa soda peke yake. Siku tatu: 21, 19, 22. Alifurahi akataka kuishia hapo. Nikamwonyesha vijiti vyake: vya saa saba na saa nane vilikuwa vimepungua sana, lakini vya kuanzia saa tisa vilikuwa vilevile. Soda ilikuwa imetoka, chingamu imebaki.

Akaiacha chingamu, akawa anasukutua mdomo na kutafuna karafuu moja halafu anaitema. 13, 11, 14. Sasa vijiti vyote vilijazana ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya sahani, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumshuku ila mwendo wake wa kula. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Soda aliiacha kwa siku moja, lakini kukaa kwenye benchi dakika 15 abiria wakipita ni hela. Tulikubaliana ale saa nane, kijiwe kinapopoa, na amwachie mwenzake zamu.

Wiki ya mwisho ilisoma 6, 5, 7. Alipokuja kunionyesha hakubeua hata mara moja tangu aingie mlangoni, na yeye mwenyewe hakuwa amegundua. Akakunja daftari, akacheka. "Dokta, Jumapili vitakuwa kumi. Soda ya pilau siiachi."